Picha ya Nafasi ya Mahindi: Anza na Mishale

Swali la picha ya nafasi ya kupandia, linalokutaka uchague sentensi iliyo ya kweli kuhusu picha, lina mtego mmoja mkubwa: sentensi ya uongo inaweza kuwa na namba zilezile za picha. Ukikimbilia namba, unaanguka. Fanya hivi.

Funika sentensi kwa kiganja. Tazama picha peke yake kwanza. Tuseme ni shamba la mahindi lililochorwa kama unalitazama kutoka juu. Kuna mishale miwili. Mmoja umeandikwa sm 75, mwingine sm 30. Kila shimo lina mche mmoja.

Sasa jiulize kila mshale unatoka wapi unakwenda wapi. Unaotoka mstari mmoja kwenda wa pili ni nafasi ya mistari. Unaofuata mstari uleule, kutoka shina hadi shina, ni nafasi ya mimea. Usitegemee picha imelala au imesimama, maana mtunzi anaweza kuigeuza upande wowote. Kwa mahindi, nafasi kubwa huwa ya mistari, ili mtu apite na jembe akipalilia. Hilo likusaidie kuhakiki tu. Jibu lenyewe litoke kwenye mshale.

Kipimo ni katikati ya shina hadi katikati ya shina. Mshale unaoanzia kwenye ncha ya jani haupimi nafasi ya kupandia.

Hesabu mashina kwa makini pia. Mashina manne yaliyoachana sm 30 yana nafasi tatu katikati yake. Kutoka la kwanza hadi la mwisho ni sm 90, si sm 120. Sentensi yenye 120 huwekwa makusudi kwa ajili ya mtu mwenye haraka.

Baada ya hapo funua sentensi. Ya kwanza inasema mistari imeachana sm 30 na mimea sm 75. Namba ni sahihi, mahali si sahihi. Ikate. Ya pili inasema kila shimo lina miche miwili. Picha ina mmoja. Ikate. Zimebaki mbili: moja inasema hekta moja itakuwa na mimea 22,222, nyingine inasema 44,444. Hapa kalamu lazima ifanye kazi.

Badili sentimita ziwe mita kabla ya kitu kingine chochote: 0.75 na 0.30. Zidisha, unapata mita za mraba 0.225. Hilo ndilo eneo la shimo moja. Hekta ina mita za mraba 10,000. Gawanya kwa 0.225, unapata mashimo 44,444. Mche ni mmoja kila shimo, kwa hiyo mimea ni 44,444. Ukisahau kubadili, utagawanya 10,000 kwa 2,250 na kupata mimea minne na ushee kwa hekta nzima. Jibu kama hilo likikutokea, rudi kwenye vipimo.

Kuna njia fupi ya kuhakiki. Mita moja ya mraba ya shamba hili hubeba mimea minne hadi mitano. Hekta basi iwe na mimea kati ya 40,000 na 50,000. Sentensi ya 22,222 inaanguka bila hesabu ndefu.

Lakini usiikariri 44,444 kama jibu la sm 75 kwa sm 30 pekee. Picha ya pili inaweza kuonyesha sm 75 kwa sm 60, miche miwili kila shimo. Mashimo yamepungua kwa nusu, yamekuwa 22,222. Miche ni miwili, kwa hiyo mimea inarudi 44,444. Picha ya sm 90 kwa sm 50, miche miwili, nayo inatoa jumla hiyohiyo. Ndiyo maana neno la kuwinda kwenye sentensi ni "mashimo" au "mimea". Sentensi ya 22,222 iliyo ya uongo kwenye picha ya kwanza inakuwa ya kweli kwenye ya pili, mradi inazungumzia mashimo. Watu wengi wanaojua kilimo vizuri hukosea hapa, kwa sababu wanasoma namba na kuruka neno lililo mbele yake.

Angalia pia kizio cha eneo. Ekari si hekta. Ekari ina takribani mita za mraba 4,047, hivyo nafasi ya sm 75 kwa sm 30 hutoa mimea karibu 18,000 kwa ekari.

Sentensi ikisema mkulima "atavuna" mimea 44,444, ikatae. Picha inaonyesha nafasi. Haionyeshi mbegu zilizogoma kuota, wala miche iliyokatwa na sota.