MASWALI YA MARUDIO MWISHONI MWA MAFUNZO

Imekuwa kawaida kwa mkufunzi kumaliza mada yake kwa kuuliza, “Mmeelewa?”, na ukumbi mzima kuitikia “Ndiyo.” Jibu hilo halimwonyeshi ni somo gani lililoingia na lipi limepotea. Njia iliyo bora ni maswali matatu, moja kwa kila somo kuu.

Mfano mzuri ni mafunzo juu ya maji yenye floraidi, madini yanayopatikana kwa wingi katika chemchemi na visima vingi vya eneo la Mlima Meru, mkoani Arusha. Masomo makuu huwa matatu: kuchemsha hakuondoi floraidi, meno hudhurika utotoni, yanapoumbika chini ya ufizi, na magadi ya kupikia maharage huongeza floraidi katika chakula.

Swali lisiombe maneno ya mkufunzi yarudiwe, bali lieleze hali ya maisha. Kwa somo la kwanza: “Mama amechemsha maji ya kisima kwa dakika kumi. Floraidi iliyomo (A) imekwisha, (B) imepungua nusu, (C) haikupungua.” Kwa la pili: “Mtumishi amehamia Usa River na mtoto wa miaka miwili. Wakinywa maji hayo, meno ya nani yataota madoa ya kahawia?” Kwa la tatu: “Familia yatumia maji salama, lakini mtoto ana madoa. Kichunguzwe nini jikoni: sukari, magadi au mafuta?”

Majibu yasiyo sahihi yatokane na makosa ambayo watu huyafanya kweli. Wengi huchagua A katika swali la kwanza, kwa kuwa kuchemsha huua vijidudu. Hapo mkufunzi aeleze kwamba floraidi haipandi na mvuke: lita 10 zikibaki 9, madini ni yale yale katika maji machache zaidi. Katika swali la pili, jibu ni mtoto. Meno ya mzazi yamekwisha kuumbika, ingawa mifupa yake yaweza kudhurika kwa maji makali ya miaka mingi. Katika la tatu, jibu ni magadi.

Slaidi za masomo zifungwe kwanza, na kila mshiriki aandike jibu lake kabla ya kuinua kadi. Mikono ikiinuliwa bila kuandika, wengi hufuata wenzao. Katika darasa la watu 24, wakikosea sita au zaidi, somo hilo lirudiwe kwa mfano mwingine, si kwa maneno yale yale.

Hata hivyo, jibu sahihi dakika chache baada ya mada si uthibitisho kuwa somo litadumu. Wakufunzi wanashauriwa kuwauliza tena washiriki baada ya wiki moja, kwa kubadili hali iliyoelezwa katika swali.