Moyo Umerudi Kupiga, Sasa Linda Ubongo

Mapigo yamerudi kwenye skrini, vidole shingoni vimethibitisha, na waliokuwa wakikandamiza kifua wanafuta jasho. Mgonjwa bado hajitambui. Mwongozo huu ni wa daktari au muuguzi aliyebaki naye kitandani, katika hospitali yenye mashine ya kupumulia na pampu ya dawa, lakini isiyo na kipimo cha mawimbi ya ubongo. Hospitali zetu nyingi za mikoa ziko hivyo.

Nitamfuata mgonjwa mmoja wa mfano: mwanaume wa miaka 58, urefu sentimita 170, uzito kilo 70. Alianguka kwenye benchi la wagonjwa wa nje, akapigwa shoti mbili za umeme, na moyo ukarudi baada ya dakika 14. Ameshawekewa mpira wa kupumulia.

Hatua ya 1: Oksijeni, usikimbilie kuishusha wala usiisahau juu

Dakika za mwanzo mwache kwenye asilimia 100. Vidole bado ni baridi, damu haijafika vizuri ngozini, na namba inayotoka kwenye kipimo cha kidole haiaminiki. Mwaka 2022 Waaustralia walichapisha utafiti wa EXACT, ambamo wahudumu wa ambulensi walijaribu kuishusha oksijeni mapema, mgonjwa akiwa bado njiani. Kati ya kila wagonjwa 100 walioshushiwa, takriban 38 walitoka hospitalini wakiwa hai. Walioachiwa oksijeni nyingi walikuwa takriban 48.

Kipimo kikishashika mapigo vizuri, anza kushusha: 100, kisha 80, kisha 60, ukisubiri kama dakika tano kila mara. Kinacholengwa ni 94 hadi 98. Usiridhike na 100, kwa sababu kipimo cha kidole kikifika hapo hakikuambii tena kama oksijeni kwenye damu inatosha tu au imezidi mara tatu, na ikizidi kwa saa nyingi inaweza kuuumiza ubongo uliotoka kukosa damu. Kwa wagonjwa wetu kuna jambo jingine. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwenye ngozi nyeusi vipimo hivi mara nyingi husoma juu kuliko hali halisi. Kama huna kipimo cha gesi za damu, mimi nashauri ushike 96 hadi 98, usining'inie kwenye 94.

Pumzi nazo zina hesabu yake. Mtu anayebana mfuko kwa mkono akiwa bado na kiherehere cha tukio humpulizia mgonjwa pumzi 30 kwa dakika bila kujua. Kabonidayoksaidi hushuka, mishipa ya ubongo hubana, na damu ya kichwani hupungua wakati ambapo inahitajika zaidi. Ujazo wa pumzi tunaupata kwa urefu wa mtu, si kwa kitambi chake. Mwanaume wa sentimita 170 huhesabiwa kama mtu wa kilo 66, na kila kilo hupewa mililita 6 hadi 8, yaani kati ya 400 na 530. Mgonjwa wetu tulimwekea 450, pumzi 14 kwa dakika, kisha tukarekebisha mpaka kabonidayoksaidi ikakaa kati ya 35 na 45 mmHg.

Hatua ya 2: Presha

Alisoma 84/48. Chukua namba ya chini mara mbili, jumlisha na ya juu, gawanya kwa tatu: 48 mara mbili ni 96, ukiongeza 84 ni 180, na theluthi yake ni 60. Huo ndio wastani wa presha, nao usishuke chini ya 65. Mkojo ndio shahidi wako wa pili. Mtu wa kilo 70 anatakiwa atoe angalau mililita 35 kwa saa.

Moyo uliosimama hurudi ukiwa umelegea, na unaweza kuchukua siku mbili tatu kupata nguvu zake. Kumwagia dripu lita juu ya lita ni kuujaza maji moyo usioweza kuyasukuma, na utayasikia mapafuni. Mpe mililita 250, sikiliza kifua, pima tena. Isipotosha, anza noradrenalini. Miligramu 4 ndani ya sirinji ya mililita 50 hukupa mikrogramu 80 katika kila mililita. Ukianza na mililita 3 kwa saa, mgonjwa anapata mikrogramu 4 kwa dakika. Mshipa mkubwa wa mkononi unatosha kwa muda, mradi muuguzi aangalie ngozi ya pale mara kwa mara. Kama iliyopo ni adrenalini tu, itumie, lakini tarajia moyo kwenda mbio zaidi.

Hakuna haja ya kuipandisha presha sana kwa kudhani ubongo utafaidi. Wadenmaki walilinganisha wastani wa 63 na wa 77 katika utafiti wa BOX, uliochapishwa mwaka 2022, na matokeo hayakutofautiana. Mgonjwa wetu alitulia kwenye 72, tukaishia hapo.

Kipimo cha umeme wa moyo kifanyike pia, ila subiri zipite angalau dakika nane tangu moyo urudi. Kikifanywa mapema zaidi kinaweza kuonyesha mshipa ulioziba wakati haujaziba, ukampakia mtu kwenye ambulensi bure.

Hatua ya 3: Joto

Mwaka 2002 tafiti mbili, moja ya Ulaya na nyingine ya Australia, zilionyesha kwamba kumpoza mgonjwa hadi kati ya digrii 32 na 34 kunauokoa ubongo. Hospitali zenye uwezo zikanunua mashine za kupozea. Mwaka 2013 utafiti mkubwa ukalinganisha 33 na 36 ukakuta hakuna tofauti, na mwaka 2021 mwingine wa wagonjwa 1,850 ukalinganisha 33 na kuzuia homa tu. Baada ya miezi sita waliokufa walikuwa asilimia 50 upande mmoja na 48 upande wa pili. Kwetu sisi tusio na mashine hizo ni habari njema: kazi iliyobaki ni kuizuia homa, na hiyo tunaiweza.

Joto lisipite 37.7 kwa saa 72. Neno gumu hapo ni kupima. Kwapa la mtu ambaye damu haifiki vizuri ngozini linaweza kusoma 36.8 wakati ndani ana 38.4. Tumia kipimo cha ndani ya umio au cha kwenye kibofu. Ukikosa, cha njia ya haja kubwa, kila saa, na kiandikwe kwenye chati ileile ya presha. Likikaribia 37.5, toa blanketi, mpe parasetamoli gramu 1 kwa mpira wa tumboni kila saa sita, mfunike shuka lililoloweshwa na uwashe feni. Barafu iliyofungwa kitambaa iwekwe shingoni, kwapani na kwenye kinena. Usimmiminie haraka dripu iliyotoka kwenye friji. Utafiti uliofanyika Seattle ulionyesha kwamba waliomiminiwa kabla ya kufika hospitali walisimama moyo tena kwa wingi zaidi na mapafu yao yakajaa maji.

Akianza kutetemeka, joto litapanda na oksijeni italiwa; ongeza kidogo dawa ya usingizi. Dawa ya kulegeza misuli ibaki ya mwisho, maana huficha hata degedege. Na homa yenyewe itafutiwe chanzo. Wengi hupaliwa na matapishi wakati wa kuanguka, na huku kwetu kipimo cha malaria hakirukwi.

Hatua ya 4: Kupima kama ubongo utarudi

Saa ya 30 mke wa mgonjwa alinifuata. "Daktari, jana usiku tumeambiwa ubongo umekufa, tujiandae."

"Mama, ubongo haujakufa. Macho yake yanaitikia tochi. Kama ataamka au la, leo sijui, na anayesema anajua anabahatisha. Ijumaa asubuhi tutampima, nitakueleza tulichokiona."

Hukumu ya mapema hujitimiza yenyewe: ukishaamua hataamka, unapunguza matunzo, naye haamki. Ndiyo maana miongozo inataka saa 72 zipite kwanza, na mgonjwa apimwe baada ya kuondoa vinavyodanganya: dawa za usingizi, dawa za kulegeza misuli, presha duni, baridi ya mwili, sukari na chumvi za damu zilizovurugika.

Anza na mikono. Bonyeza kwa nguvu ukucha, kisha mfupa wa juu ya jicho. Mgonjwa anayenyanyua mkono kuufuata mkono wako, au hata kuukwepa tu, ana dalili njema na ngoja ngoja inafaa. Asiyefanya kitu, anayenyoosha mikono au anayeikunja isivyo kawaida ndiye anayeingia kwenye hesabu ya wasiwasi. Hapo tafuta dalili mbili au zaidi za ubaya, moja haitoshi.

Bila mashine za mawimbi ya ubongo una tatu. Ya kwanza ni mboni zote mbili zisizosinyaa kwa tochi kali pamoja na kope zisizofumba ukigusa konea kwa uzi wa pamba. Vyote viwili kwa pamoja huhesabiwa kuwa dalili moja. Ya pili ni misuli kurukaruka mwili mzima mfululizo kwa nusu saa au zaidi ndani ya saa 72. Mruko wa hapa na pale hauhesabiki. Tangu mwaka 1963 Lance na Adams walieleza wagonjwa wenye fahamu zao waliobaki wakirukaruka misuli kila walipotaka kutenda jambo. Ya tatu ni picha ya CT inayoonyesha ubongo umevimba kote mpaka sehemu ya kijivu na nyeupe hazitofautiki. CT safi ya saa chache za mwanzo haikupi ahueni yoyote.

Ijumaa mgonjwa wetu alinyoosha mikono alipobonyezwa. Mtu angeweza kukata tamaa. Lakini mboni zilisinyaa polepole, kope zilifumba, misuli ilitulia. Tena midazolamu ilikuwa imezimwa saa sita tu kabla, na kreatinini ilisoma 240. Figo zilizochoka huiacha dawa hiyo na mabaki yake mwilini kwa siku kadhaa. Kwa hiyo tuliandika kwenye faili "haipimiki bado", tukamweleza mkewe hivyohivyo, na tukapanga kurudia kila asubuhi. Siku ya tano alifuata mkono uliombonyeza. Siku ya saba alikamata vidole alipoambiwa, na ya nane mpira ukatolewa.

Aliyefika saa 72 akiwa na dalili mbili za kweli, kikao na familia kifanyike chumbani wote wakiwa wamekaa, na aliye mkubwa katika familia awepo. Aliye na dalili moja, au zisizo wazi, ngoja na urudie.

Hatua ya 5: Kabla hajaruhusiwa

Mtu anayetembea na kusalimia vizuri anaweza kuwa amepoteza kumbukumbu ya jana. Mwambie akumbuke maneno matatu, umuulize tena baada ya dakika tano. Mgonjwa wetu alikumbuka moja. Mkewe akakabidhiwa ratiba ya dawa badala yake, akaambiwa kwamba uchovu na hasira za ghafla zinatarajiwa, na kliniki ikapangwa kabla ya miezi mitatu kwisha.