Swali na Jibu: Bomba refu la maji moto

Swali: Nimetoka Baraka, Fizi, kufanya kazi ya mabomba kwenye jengo la ghorofa 20. Kwa nini tusilibane bomba la maji moto kila ghorofa lisicheze?

Jibu: Kwa sababu litarefuka tu, ulibane usilibane. Kila mita ya shaba hurefuka takriban milimita 0.017 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Bomba la mita 60 likitoka nyuzi 20 hadi 65 hurefuka milimita 46 hivi. La plastiki ya PPR isiyoimarishwa, takriban milimita 400. Ukilibana kila mahali, msukumo wa kurefuka huko huhamia kwenye viungo na matawi. Utasikia mlio asubuhi maji yakipata moto, kisha tawi la ghorofa ya juu litavuja.

Badala yake, ukilifunga bomba la shaba kwa nguvu kwenye zege katikati tu, kila ncha itasogea milimita 23. Utasema bila vibano litayumba. Kweli, ndiyo maana kwingine huwekwa vibano vya kuongoza, vinavyozuia kuyumba lakini vinaliacha liteleze. Kwa bomba la plastiki, njia hiyo haitoshi: gawanya bomba kwa kitanzi cha kupanukia baina ya kila vifungio viwili. Matawi nayo yapewe mkono mrefu wa kupinda, yasipite ukutani yakiwa yamezibwa kwa saruji.