Kuzirai: Ulizeni Kilichotangulia

Mtu akizirai, watu husimulia alivyoanguka. Kuanguka huko hakutuambii mengi, kwa sababu sababu nyingi za kuzirai huishia vilevile: damu inayofika kwenye ubongo hupungua kwa muda mfupi, fahamu zinapotea, kisha mtu anazinduka akishalala chini. Kinachotenganisha aina mbili zinazoonekana sana majumbani ni dakika zilizotangulia.

Aina ya kwanza huletwa na mwili kuitikia kichocheo kupita kiasi: sindano, kuona damu, maumivu makali, hofu, au kusimama muda mrefu juani. Mishipa ya damu hutanuka, na mara nyingi mapigo ya moyo hupungua papo hapo. Dalili za onyo huwa nyingi: kichefuchefu, miayo, joto mwilini, jasho jembamba, uso kupauka, macho kuingia giza. Huwapata zaidi vijana, na baada ya kuzinduka uchovu unaweza kubaki kwa saa kadhaa.

Aina ya pili hutokana na kuinuka. Tukisimama, damu nyingi hushuka miguuni, na mwili unapaswa kubana mishipa mara moja ili presha isianguke. Ukishindwa, kizunguzungu huja ndani ya sekunde au dakika chache, mara nyingi bila kichefuchefu wala jasho. Huwapata zaidi wazee, wenye kisukari cha muda mrefu, walioharisha au kutapika sana, na wanaotumia dawa za presha, hasa zile za kukojoza.

Mtu anaweza kupinga: mbona mwanafunzi aliyezirai kwenye gwaride naye alikuwa amesimama? Ni kweli, ila tazama muda. Yeye alisimama nusu saa juani, akaanza kutokwa jasho, ndipo akaanguka. Bibi anayeamka alfajiri kwenda msalani huyumba hatua chache tu kutoka kitandani.

Wengine husema kipimo cha presha cha zahanati kilikuwa kizuri. Lakini kama alipimwa ameketi, tatizo la kuinuka linaweza kufichika. Apimwe baada ya kulala dakika tano, kisha akiwa amesimama, dakika ya kwanza na ya tatu. Tuseme bibi ana 138/82 akiwa amelala na 112/70 akiwa amesimama: namba ya juu imeshuka kwa 26. Kushuka kwa 20 au zaidi, au namba ya chini kushuka kwa 10, kunathibitisha tatizo. Asiache dawa mwenyewe. Mganga ndiye atakayepima kipi kibadilishwe. Nyumbani aketi kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama.

Anayehisi dalili za aina yoyote kati ya hizi alale mara moja na kuinua miguu. Lakini aliyezirai akikimbia, akiwa amelala, akiwa na maumivu ya kifua au moyo kwenda mbio, au anayetokwa damu au kupata choo cheusi, mpelekeni hospitali bila kuchelewa.