Kidonge cha Chini ya Ulimi

Katika nyumba nyingi za huku kwetu Handeni na Korogwe yupo mzee aliyepewa na daktari kichupa cha vidonge vidogo vya naitrogliserini kwa ajili ya maumivu ya kifua. Mara nyingi anayekuwa karibu naye maumivu yakianza ni mtoto wa shule. Kwa hiyo napenda kueleza namna ya kukitumia, na hasa jambo moja ambalo wengi hulikosea, yaani saa ya kuita gari.

Moyo ni msuli, nao hulishwa damu na mishipa yake wenyewe. Mishipa hiyo ikiwa imekuwa myembamba, mzee akipanda kilima au akibeba mzigo, moyo hukosa damu ya kutosha na kifua hubana. Naitrogliserini hulegeza mishipa ya mwili. Kazi ya moyo hupungua na maumivu hutulia. Dawa hii ndiyo ile ile ya baruti, iliyotengenezwa mara ya kwanza na Sobrero, Mwitalia, mwaka 1847. Mwaka 1879 daktari Mwingereza, Murrell, alieleza jinsi inavyotuliza maumivu ya kifua. Ndani ya kidonge ni kidogo mno, wala hailipuki.

Kwanza mgonjwa aache kazi na kukaa kitako, mgongo ameuegemeza. Asisimame, kwa maana mishipa ikilegea nguvu ya damu hushuka, naye aweza kuzirai na kuanguka. Kisha aweke kidonge kimoja chini ya ulimi na kukiacha kiyeyuke. Asikimeze wala asikitafune, kwa sababu kikipita tumboni ini huiharibu sehemu kubwa ya dawa. Kinywa kikiwa kikavu, anywe kwanza funda dogo la maji. Kichwa kikimgonga au uso ukipata joto, asishtuke. Ni kazi ya dawa.

Sasa tazama saa. Zikipita dakika 5 na maumivu hayajapungua, au yamezidi, ita msaada papo hapo. Mgonjwa aweza kuweka kidonge cha pili, na baada ya dakika 5 nyingine cha tatu, wala asizidishe 3. Akiwa anazimia au ana kizunguzungu kikali, usimpe kingine, mlaze.

Nitatoa mfano wa baba yangu mkubwa, huko kijijini Handeni. Saa 4.10 asubuhi, akitoka kisimani na ndoo, kifua kilimbana. Tulimkalisha chini ya mwembe, akaweka kidonge. Saa 4.15 maumivu yalikuwa yale yale. Mama mkubwa akasema, "Tumalize vidonge kwanza, mwanangu, huenda vitamsaidia." Nikamjibu, "Tutaendelea kumpa, mama, lakini gari liitwe sasa hivi." Tukapiga simu, akaweka cha pili, saa 4.20 akaweka cha tatu. Gari likafika saa 4.35. Kama tungengoja mpaka saa 4.25 kuona kazi ya kidonge cha tatu, lingefika saa 4.45. Hospitalini walipopima umeme wa moyo, walikuta mshipa umeziba kwa damu iliyoganda.

Hapo ndipo penye siri ya jambo hili. Kidonge hulegeza mshipa mwembamba, lakini hakiyeyushi damu iliyoganda. Maumivu yasiyosikia kidonge cha kwanza huenda ndiyo hayo, na msuli wa moyo hufa kadiri dakika zinavyopita. Kutoka mjini Handeni hadi Korogwe ni kilomita zipatazo 65, na vijiji vingine viko mbali na barabara ya lami. Basi namba ya hospitali iliyo karibu na ya mwenye gari ziandikwe ukutani mapema. Ya dharura ni 112. Ikiwa mtu hajapata kuumwa kifua kabla, au anatoka jasho la baridi, au pumzi zinambana, usingoje hata hizo dakika 5.

Wazee pia wajue kwamba aliyemeza dawa ya nguvu za kiume siku ile au jana yake, na kwa aina nyingine hata juzi, asitumie kidonge hiki, kwani nguvu ya damu yaweza kushuka hata kuua. Amweleze daktari bila haya. Wala asipewe mtu ambaye hakuandikiwa.

Mwisho, vidonge vikae katika kichupa chake cha kioo, kimefungwa sana, mbali na jua na jiko. Vikihamishiwa katika karatasi au mfuko wa nailoni, nguvu yake hupotea. Andika juu ya kichupa tarehe kilipofunguliwa, na umwulize mwuza dawa siku ya kukibadilisha. Vingi hubadilishwa baada ya majuma 8.