Kabla Hujagusa Kitasa: Mwongozo kwa Wageni wa Vyumba vya Kutenga Wagonjwa

Kijitabu hiki ni kwa anayekuja kumjulia hali mgonjwa aliyelazwa katika vyumba vya kutenga vya kliniki yetu. Vyumba hivyo ni viwili, kila kimoja na alama yake mlangoni, kwa sababu magonjwa hayamtoki mgonjwa kwa njia moja. Tutakaa zaidi kwenye chumba cha kwanza, cha magonjwa yanayoenea kwa hewa, maana ndicho wageni wengi wanachokiingia wakiwa wamevaa visivyo.

Mlangoni pake utasoma hivi:

SIMAMA
UGONJWA UNAOENEA KWA HEWA
Mgeni: pita kwanza meza ya wauguzi.
Usiingie bila barakoa ya N95.
Wageni wawili tu kwa wakati mmoja.
Mtoto wa chini ya miaka 5 haingii.
Funga mlango ukiingia, funga ukitoka.
Barakoa inavuliwa NJE, mlango ukiwa umefungwa.

Jina la ugonjwa halimo, na halitawekwa. Alama inakwambia unachopaswa kufanya. Mgonjwa anaumwa nini ni siri yake, hata kwa jirani aliyetoka mbali kuja kumwona. Tafadhali usimuulize muuguzi.

Mara nyingi aliyelala humo ana kifua kikuu cha mapafu. Anapokohoa, kuimba au kuzungumza, hutoa chembe ndogo mno zisizoonekana, zinazoweza kuelea hewani kwa saa kadhaa. Hazisubiri umsogelee. Unaweza kusimama mbali na kitanda, hata mgonjwa akiwa hakohoi wakati huo, ukavuta zilizobaki tangu asubuhi. Ndiyo maana dirisha la nje huwa wazi na mlango wa korido hufungwa: tunataka hewa ya chumbani itoke uwanjani, isiwafuate wagonjwa wa wodi nyingine. Mgeni anayeegemeza mlango kwa kiti ili kupata upepo anavunja kinga yote hiyo kwa nia njema kabisa.

Ifuate safari ya shangazi mmoja aliyekuja na chupa ya uji na mjukuu wa miaka mitatu.

“Shikamoo shangazi,” muuguzi anamwamkia.

“Marahaba mwanangu. Nimekuja kumwona mpwa wangu, huyu mdogo amemlilia sana baba yake.”

Mjukuu anabaki kibarazani na ndugu mwingine. Kinga ya watoto wadogo bado changa, na kifua kikuu kikiwapata huweza kusambaa haraka hadi kwenye ubongo. Chanjo ya BCG aliyochomwa alipozaliwa hupunguza hatari hiyo, lakini haiifuti. Mtu mwenye virusi vya UKIMWI, au anayetumia dawa zinazoshusha kinga, naye tunamshauri asiingie. Akimwambia muuguzi faragha, atapangiwa namna nyingine ya kumwona mgonjwa.

Shangazi alikuwa amejifunga kanga puani. Kanga, leso na barakoa nyepesi ya bluu havimlindi humo, kwa kuwa hewa hupita pembeni. Barakoa ya bluu anaivaa mgonjwa, ili kukamata kinachotoka mdomoni mwake. Mgeni anahitaji N95, ambayo huchuja chembe ndogo na kubana uso pande zote. Anasafisha mikono kwa kitakasa mikono na kuisugua sekunde 20 hadi 30, kisha anapokea barakoa.

Aiweke kiganjani, kiwaya cha pua kikielekea ncha za vidole na mikanda ikining’inia chini. Aipachike chini ya kidevu, aipandishe hadi juu ya pua. Mkanda wa juu uvutwe upite kichwani ukae juu ya kisogo. Wa chini ukae shingoni, chini ya masikio. Mikanda isipishane. Kwa vidole vya mikono yote miwili akibonyeze kiwaya kifuate mgongo wa pua. Kikibanwa kwa mkono mmoja, hupinda na kuacha upenyo.

Sasa inakuja hatua inayorukwa kuliko zote. Aifunike barakoa kwa viganja bila kuibonyeza, apulize kwa nguvu. Akihisi hewa machoni, kiwaya bado hakijakaa. Akiihisi mashavuni, mikanda irekebishwe. Arudie mpaka hewa isipenye. Shangazi alikuwa ameivaa juu ya ushungi, na hewa ikatoka shavuni. Alipoipitisha chini ya kitambaa, moja kwa moja kwenye ngozi, ikabana. Muuguzi wa kike hukusaidia faragha. Mwenye ndevu hawezi kupata mbano huo hata ajitahidi vipi, kwani nywele huipitisha hewa. Hatumlazimishi kunyoa, tunampangia kuonana na mgonjwa nje.

Glovu na gauni hazihitajiki katika chumba hiki. Wageni huziomba wakidhani ndizo kinga yenyewe, na aliyezivaa huwa mwepesi kulegeza barakoa. Kifua kikuu hakiambukizwi kwa sahani, shuka wala kupeana mkono. Uji wa shangazi uingie, chupa irudi nyumbani ioshwe kama kawaida. Ila yeye asile wala kunywa humo, maana atalazimika kuishusha barakoa. Asiishushe pia ili asikike vizuri. Aongeze sauti.

Akimaliza, atoke, afunge mlango nyuma yake, ndipo avue. Asiguse sehemu ya mbele. Ainame kidogo, auvushe mkanda wa chini kichwani kwanza, kisha wa juu, aishike kwa mikanda tu na kuitupa kwenye pipa lililo hapo, halafu asafishe mikono tena.

Chumba cha pili kina alama ya MGUSO: “Vaa gauni na glovu kabla ya kuingia. Vua ndani kabla ya kutoka. Nawa kwa sabuni na maji.” Humo hulala, kwa mfano, mwenye kuhara kwa kuambukiza, na hatari iko kwenye kitanda, kitasa na mikono. Unavua glovu kwanza kwa kuzigeuza ndani nje, kisha gauni kwa kulikunja upande uliogusa vitu ukielekea ndani, halafu unanawa kwa sekunde 40 hadi 60. Kitakasa mikono hakitoshi hapo, kwani baadhi ya vijidudu vya kuhara haviuawi nacho. Simu iache nje.

Mgonjwa wa chumba cha hewa akiwa na nguvu, tunapendelea muonane uwanjani, yeye akiwa na barakoa yake ya bluu. Upepo wa nje hutawanya chembe kuliko feni yoyote, na huko mjukuu anaweza kumpungia baba yake mkono kwa mbali.

Ukikuta kitanda kitupu na alama bado ipo, usiingie kuchukua vitu. Chumba kinachobadilisha hewa mara 12 kwa saa huhitaji takriban dakika 23 kuondoa asilimia 99 ya chembe; kikibadilisha mara 6, dakika 46. Alama huondolewa na muuguzi wa zamu tu.

Kwa ndugu waliokuwa wakilala chumba kimoja na mgonjwa kabla hajalazwa, hatari kubwa ilikuwa huko nyumbani, kuliko katika dakika za kumtembelea hapa. Kila aliyeishi naye, pamoja na yule mjukuu, apimwe hata kama hakohoi. Watoto wa chini ya miaka 5 na wenye virusi vya UKIMWI wasiokutwa na ugonjwa hupewa dawa za kuuzuia. Andika majina yao na namba ya simu mezani kwa wauguzi siku hiyo hiyo uliyokuja.