Kahawa kabla ya mazoezi, na usingizi unaolipia

Hapa Buyenzi wengi wetu tunafanya mazoezi jioni, masomo yakiisha, na wengi tunapitia kikombe cha kahawa kwanza. Mimi ni mnywaji pia, sina nia ya kuwakataza. Nataka tupige hesabu yake pamoja.

Siku nzima ubongo unakusanya kitu kiitwacho adenosini. Kadiri kinavyozidi ndivyo unavyohisi uchovu. Kafeini haiondoi adenosini, bali inakalia nafasi ambazo adenosini ingekaa, na ubongo haupati habari ya uchovu. Ndiyo maana mbio zile zile unaziona nyepesi.

Kipimo kinachofanya kazi kwa wanamichezo wengi ni miligramu 3 kwa kila kilo ya mwili. Kupita 6 hakuongezi nguvu, kunaongeza mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio na tumbo kuvurugika. Tumchukue mwenzetu wa kilo 65. Tatu mara 65 ni 195, tuseme 200. Kahawa ya Burundi kwa sehemu kubwa ni arabika, na gramu 10 za unga wake, yaani kama vijiko viwili vya mezani, hutoa karibu miligramu 100. Basi anahitaji vikombe viwili vya namna hiyo. Robusta ina kafeini karibu mara mbili, kwa hiyo ukibadilisha unga, badilisha na hesabu. (Rangi nyeusi na uchungu si dalili ya kafeini nyingi. Hayo yanatokana zaidi na ukaangaji.)

Kuhusu wakati, kafeini huanza kusikika baada ya robo saa hivi, na kwa wengi hufika kileleni ndani ya saa moja. Mazoezi yakiwa saa 12 jioni, anakunywa saa 11. Anayekunywa akiwa tayari amefunga viatu anafaidi nusu ya pili tu.

Mpaka hapo kila kitu kizuri. Sasa tuendelee na saa. Kwa mtu mzima wa kawaida, nusu ya kafeini hutoka mwilini kwa muda wa saa 5 hivi. Wako wa saa 3, wako wa saa 7 au zaidi, na wanawake wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango huchukua muda mrefu zaidi. Mwenzetu alikunywa 200 saa 11 jioni. Saa 4 usiku anapolala bado ana 100, sawa na mtu aliyemaliza kikombe kizima kitandani. Saa 9 usiku bado ana 50, na muda si mrefu anaamka kwa ajili ya Alfajiri.

Atakwambia, «Mbona mimi nalala vizuri?» Na hasemi uongo. Uchovu wa mazoezi unamlaza, lakini usingizi mzito unapungua na anashtuka mara nyingi bila kukumbuka. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani waliwapa watu miligramu 400 saa 6 kabla ya kulala. Kifaa cha kupima kilionyesha wamepoteza zaidi ya saa moja ya usingizi, ilhali wenyewe katika kumbukumbu zao waliandika upungufu mdogo kuliko huo.

Kesho yake anasinzia darasani, anakunywa kikombe cha asubuhi, na jioni viwili havitoshi tena, anaongeza cha tatu. Sehemu ya hayo ni deni la usingizi, na sehemu ni mazoea: ukinywa kila siku, ubongo unaongeza zile nafasi za adenosini. Njia ya kujua ni rahisi. Kaa siku moja bila kahawa wala chai. Kichwa kikianza kuuma kabla ya siku kwisha, mwili umeshazoea.

Kwa maoni yangu mazoezi ya kawaida ya jioni hayahitaji kahawa kabisa. Iweke kwa mechi, au hamishia mazoezi magumu baada ya Alfajiri, ambapo kafeini ina mchana mzima wa kutoka. Ukitaka kunywa kila siku, kikombe cha mwisho kiwe saa 8 au zaidi kabla ya kulala.

Anayetaka kupunguza asiache ghafla, kwani kichwa huweza kuuma siku kadhaa. Aondoe nusu kikombe kila baada ya siku mbili au tatu, akianza na cha jioni. Mnywaji wa vikombe vitatu atahitaji kama wiki mbili, na kwa Ramadhani maana yake ni kuanza katikati ya Shaabani.